Taa Hii ni ya Sikukuu Gani? Hotuba kwa wenye maduka na wachora mabango wa Kisumu

Wazee wetu, kina mama na kina baba wenye maduka, nanyi vijana mnaochora mabango kwa kompyuta na kwa simu, hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie bango la punguzo la msimu wa sikukuu, na kwa kuwa muda ni mfupi nitashika bango la aina moja tu. Ni lile ambalo mwenye duka huliagiza kwa maneno yale yale kila mwaka: niwekee taa zinazowaka, niwekee zawadi, niwekee familia imekaa pamoja, punguzo liandikwe kubwa, na tafadhali usimkwaze mtu wa dini yoyote.

Wengi hudhani kazi ngumu hapo ni familia, au ni bei. Mimi nasema kazi ngumu ni taa. Zawadi haina dini, na familia ikichorwa kwa adabu kila mtu huiona kuwa yake. Taa sivyo. Taa ikishaingia kwenye bango, inamwambia msomaji hii ni sikukuu gani hata kabla hajasoma neno moja. Mchoraji asipojua taa aliyoiweka inasema nini, bango litasema jambo ambalo mwenye duka hakulikusudia.

Tuanze na fanusi, ile ya chuma iliyotobolewa nakshi, yenye vioo vya rangi na kuba dogo juu. Desturi ya kuiwasha mwezi wa Ramadhani ilikolea Misri, hasa mjini Kairo, kisha picha na biashara zikaisambaza dunia nzima. Fanusi si kifaa cha ibada, na hakuna sharti la dini linalomtaka Mwislamu awe nayo. Hata hivyo, leo hii picha ya fanusi iliyo na hilali pembeni haisomwi na Mwislamu wa Kisumu kwa namna nyingine: ni Ramadhani, au ni Idd. Ukiiweka kwenye bango la Desemba kwa sababu umeiona inapendeza, umemtangazia mwezi wa mfungo ambao haujafika.

Taa ya pili ni diya, kile kibakuli kidogo cha udongo chenye mafuta au samli na utambi wa pamba. Hiyo ni ya Diwali. Hapa Kisumu Diwali si sikukuu ya kigeni. Tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, Wahindi wamefungua maduka, wamejenga mahekalu na wamelea vizazi katika mji huu. Masingasinga nao huwasha taa siku hiyo hiyo, wakikumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior. Kwa hiyo safu ya diya chini ya bango si pambo la kujazia nafasi. Kuna majirani zetu ambao taa hiyo wameirithi kwa bibi na babu zao.

Ya tatu ni ile ambayo mara nyingi tunaisahau, nayo ndiyo yetu sote: kandili ya mafuta ya taa, yenye kioo cha mviringo na mpini wa waya, na karabai, ile ya kupigwa pampu. Nyumba nyingi za Siaya, Vihiga, Kakamega na Homa Bay zimekula chakula cha jioni chini ya kandili miaka na miaka. Na usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, ukisimama Dunga ukatazama ziwani utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini, kwa kuwa omena huvutwa na mwanga. Siku hizi wengi wao wameacha karabai wakachukua taa za betri na za sola, lakini jambo ni lile lile. Kandili haina msikiti, haina kanisa, haina hekalu. Mahali pake ni nyumbani.

Sasa niwaeleze bango moja, maana mambo haya huonekana vizuri yakiwa na mfano.

Mama mmoja mwenye duka la vyombo, mablanketi na leso katika Barabara ya Oginga Odinga alinijia mwezi wa Oktoba na rasimu aliyochorewa na kijana. Alitaka bango moja la ukubwa wa A3 alibandike dirishani kabla ya Diwali na alitoe mwaka mpya. Kijana alikuwa na mkono mzuri, hilo lilionekana. Juu kulining'inia fanusi tatu na hilali ya dhahabu. Kushoto palikuwa na mti wa Krismasi uliofunikwa theluji. Chini palikuwa na safu ya diya. Katikati familia imezunguka meza yenye kuku mzima wa kuchoma. Na juu ya yote, ndani ya duara jekundu, asilimia hamsini.

Kijana alikuwa na hoja, na hoja yake si ya kupuuzwa: ametaka kila mteja ajione. Lakini bango halisomwi kwa mafungu, kila dini na pembe yake. Mtu huliona lote kwa pamoja, kwa sekunde mbili tatu akipita. Mwislamu aliona fanusi na hilali katika msimu usio wake, akajua ametiwa kama rangi ya ukutani. Mhindu aliona kuku wa kuchoma amewekwa juu ya diya, na Wahindu wengi hawali nyama, Wajaini ndio kabisa. Mkristo wa hapa aliona theluji, wakati Desemba ya Kisumu ni jua kali na embe zimeiva. Hakuna aliyetukanwa. Lakini pia hakuna hata mmoja aliyekaribishwa.

Basi tulipaswa kuchagua njia moja kati ya mbili, na huu ndio uamuzi ninaowaomba muufanye kabla hamjafungua programu yoyote ya kuchora. Ama unachora bango la sikukuu moja, ukalipa sikukuu hiyo haki yake yote, taa yake, chakula chake, salamu yake, siku zake. Ama unachora bango la msimu wa familia kurudi nyumbani, na humo huweki alama ya dini yoyote. Kuchanganya ndiko kunakoharibu. Mama huyu alikuwa na pesa za bango moja tu, kwa hiyo tukachukua njia ya pili. Fanusi ikatoka, hilali ikatoka, mti wenye theluji na diya vikatoka. Ikaingia kandili moja.

Nasema moja kwa sababu. Bango lenye taa kumi na mbili halina mwanga, lina madoa ya njano. Taa ikiwa moja, jicho linajua mwanga unatoka wapi, nyuso zinaangaza upande mmoja, na vivuli vyote vinaangukia upande mmoja. Tuliitundika kandili juu ya meza, upande wa kushoto kidogo, na kila kitu kwenye picha kikaitii.

Hapo ndipo wachoraji wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mnachukua picha ya familia iliyopigwa saa sita mchana nje ya nyumba, mnakata watu, mnawabandika chini ya taa ya usiku. Mtazamaji hawezi kutaja kosa, lakini anahisi kuna uongo. Mwali wa kandili ni wa rangi ya chungwa, kipimo cha rangi ya mwanga wake kinakaribia 2,000 kwa vizio vya Kelvin. Jua la mchana ni karibu 5,500, jeupe lenye ubuluu. Ukitaka kujua kama picha imebandikwa, tazama chini ya pua na chini ya kidevu. Kivuli kikiwa kimeanguka moja kwa moja kuelekea chini, ilhali taa iko kushoto, picha hiyo ni ya mchana.

Dawa yake haina gharama kubwa. Tulipiga picha jioni, ndani ya nyumba. Mahali ambapo kandili ingekaa tuliweka balbu moja yenye mwanga wa manjano, na upande wa pili mtu akashika shuka jeupe limrudishie mwanga bibi aliyekaa kulia. Kamera tuliipima kwa uso, si kwa taa. Hili ni muhimu sana kwa ngozi zetu. Ukiiachia simu ijipimie yenyewe, itaona taa kali, itapunguza mwanga wa picha nzima, na nyuso nyeusi zitazama gizani hadi ubaki unaona meno na macho. Gusa uso kwenye skrini, picha ijipime hapo, kisha taa iache ing'ae inavyotaka. Nimeona mabango mengi ya sikukuu katika miji yetu ambayo fanusi imetoka vizuri na watu hawaonekani. Hilo ni kosa la heshima pia, si la ufundi peke yake.

Sasa familia yenyewe. Nani akae wapi? Wazee wakae, vijana wasimame au wachuchumae. Mtoto anayempa nyanya yake zawadi ampe kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto usionekane ukitoa wala ukipokea, na usionekane ukitia chakula mdomoni. Programu zina kitufe cha kugeuza picha kushoto iwe kulia, na vijana hukitumia ili familia itazame upande wa maandishi. Kitufe hicho kinageuza pia mkono. Mtoto aliyetoa kwa kulia sasa anatoa kwa kushoto, na mzee wa Mumias au wa Nyalenda ataliona hilo kabla ya kuliona punguzo.

Kuhusu mavazi, sikubaliani na mtindo wa kumpanga mtu mmoja wa kila dini, huyu na kanzu, huyu na msalaba kifuani, huyu na sari, kama wajumbe wa mkutano. Familia za magharibi ya Kenya haziko hivyo. Mumias, ambako Uislamu uliingia na wafanyabiashara Waswahili tangu karne ya 19, utakuta katika boma moja shangazi wa buibui na binamu wa kwaya ya kanisa, na wanakula pamoja bila kupangwa na mtu. Katika bango letu mama alivaa kitenge na kitambaa kichwani, nyanya leso, baba shati la mikono mirefu, watoto nguo za kawaida zilizo safi. Mabega yalifunikwa. Mwislamu akimwona yule mama anaweza kumdhania wake, na Mkristo vilevile, na hilo ndilo tulilolitaka.

Mezani tuliweka chai, chapati, embe na karanga. Kuku tulimtoa. Mama mwenye duka alisita kidogo, maana Krismasi ya Waluhya bila kuku ni ya wapi? Nikamwambia kuku atakuwapo nyumbani kwao, dirishani si lazima. Chai na chapati hazimzuii mtu yeyote. Lingekuwa bango la futari, tungeweka tende, uji, sambusa na viazi vya nazi, na nje ya dirisha la picha pawe na magharibi imeingia, maana kuonyesha familia ya Kiislamu inakula jua likiwaka katika mwezi wa Ramadhani ni kumvunjia adabu aliyefunga. Lingekuwa bango la Diwali, tungeweka mithai na ladu.

Zawadi zikawa zile zile zinazouzwa dukani: seti ya sufuria, chupa ya chai, blanketi lililokunjwa, leso mbili. Mbili kati yake zilifungwa kwa karatasi, nyingine zikaachwa wazi zionekane. Sanduku tupu lenye utepe haliuzi kitu. Anayetoka Kisumu kwenda kwao Bondo au Butere anafikiria atampelekea mama nini, na bango zuri linamjibu.

Mwenye picha za watu halisi aniazime sikio hapa. Familia hiyo ilikuwa ya jamaa wa mama mwenye duka, na hata hivyo kila mtu mzima alitia sahihi karatasi inayosema picha itatumika kuuza, wapi na kwa muda gani. Za watoto zilitiwa sahihi na wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha ya Idd uliyoiokota kwenye mtandao, ya familia ya mtu usiyemjua, ni hatari ile ile, na juu yake kuna haki za mpiga picha.

Nirudi kwenye anga, kwa wale watakaochora bango la sikukuu moja, kwa sababu mwezi nao unakosewa. Diwali huangukia usiku wa giza kabla mwezi haujaandama, wakati mbingu haina mwezi kabisa, na taa ndizo zinazoangaza. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Novemba. Basi bango la Diwali lenye mwezi mpevu juu ya nyumba linapingana na sikukuu yenyewe. Ramadhani nayo huanza kwa hilali nyembamba na Idd huja kwa hilali nyembamba. Mwezi mpevu ni wa katikati ya mfungo. Na kwa sisi tunaoishi ikweta, mstari ambao tunaujua unapita pale Maseno, hilali ya jioni huonekana imelala chali mithili ya dau, ncha zake zikitazama juu, ikiwa chini upande wa magharibi muda mfupi baada ya jua kuzama. Zile picha za hilali iliyosimama wima zimechukuliwa na watu wa nchi za mbali kaskazini. Hilali ya nembo, ile ya juu ya mnara wa msikiti, ni alama na haina kosa ikisimama. Lakini ukichora mandhari ya Ziwa Victoria na hilali angani, ilaze.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Faili la bango la mwaka jana ukibadilisha bei tu, utapitwa. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mapema Januari na tena karibu na mwisho wa Desemba, siku moja mbili hivi baada ya Krismasi. Mwaka huo, wanaochora bango la Desemba bila kuangalia kalenda wataweka karamu ya mchana mbele ya watu wanaoanza kufunga. Na tarehe ya Idd usiichapishe kama jambo lililokwisha, kwa kuwa inasubiri mwezi uonekane na Kadhi Mkuu atangaze. Andika punguzo linaisha tarehe fulani ya kalenda ya kawaida, na salamu ya Idd iache isimame bila tarehe.

Maandishi matakatifu yasiingie kwenye bango la bei. Nasema hivi bila kuzunguka. Aya ya Kurani, jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, mstari wa Biblia, picha ya Lakshmi au ya Ganesh, picha ya Yesu horini, hivyo vyote si vya karatasi inayobandikwa kwa gundi. Bango lina maisha yake baada ya sikukuu. Litachanika, litaanguka mtaroni, litafungiwa mandazi, litakanyagwa stendi ya matatu. Mwenye imani akiona jina analolitukuza limekanyagwa huku pembeni pameandikwa bei ya sufuria, hutamrudisha dukani kwa punguzo lolote.

Zaidi ya hapo, Kiarabu kina mtego wa ufundi. Programu nyingi za kuchora zisipowekwa kwa lugha inayoandikwa kulia kwenda kushoto huzitenganisha herufi na kuzipanga kinyume. Asiyejua kusoma anaona nakshi nzuri. Anayejua anaona takataka. Dalili yake ni rahisi: herufi za Kiarabu ndani ya neno karibu zote hushikana, kwa hiyo ukiona kila moja imesimama peke yake na pengo katikati, neno limevunjika. Kwa wateja wetu, Idd Mubarak kwa herufi hizi hizi tunazosomea inatosha kabisa, na haiwezi kuvunjika.

Salamu na bei visikae ndani ya duara moja. Katika bango la mama tuliandika juu, Heri za Sikukuu, karibuni nyumbani. Chini ya salamu ikaja picha, iliyochukua zaidi ya nusu ya karatasi. Punguzo likashuka sehemu ya chini, penye rangi bapa isiyo na taa. Mtu anapokea heri kwanza, kisha anaambiwa biashara. Ukimwambia Krismasi njema na asilimia hamsini kwa pumzi moja, ile njema inakuwa sehemu ya bei.

Na ile asilimia hamsini iliondoka, kwa sababu haikuwa kweli. Nilimuuliza mama bidhaa ngapi zina punguzo la nusu, akasema aina moja ya vikombe. Nyingine zote zilikuwa asilimia thelathini. Tukaandika thelathini, na mfano chini yake: seti ya sufuria, ilikuwa shilingi 4,500, sasa ni 3,150, kuanzia tarehe 1 hadi 24 Desemba au bidhaa zikiisha. Ile 4,500 ilikuwa bei aliyouzia kweli mwezi uliotangulia, na risiti zake zipo. Kupandisha bei Novemba ili uishushe Desemba ni udanganyifu, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kudai nafuu ya bei isiyokuwapo kuwa mwenendo usio wa haki. Katiba yetu yenyewe, kifungu cha 46, inataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya staha. Tumezungumza kuhusu heshima ya dini muda mrefu. Sidhani kuna dini katika mji huu inayovumilia mizani ya uongo.

Saa za kuanza nazo tuziangalie. Mama alitaka kufungua punguzo siku ya Ijumaa saa saba mchana na zawadi kwa wateja hamsini wa kwanza. Saa hiyo Waislamu wako Msikiti wa Jamia kwa sala ya Ijumaa. Jumamosi kuna Waadventista, ambao wamekuwa Nyanza tangu walipofika Gendia mwaka 1906 na ni wengi. Jumapili asubuhi kila mtu anajua. Tukaanza Jumanne, saa mbili asubuhi, na bango likaandika hivyo.

Kuhusu uchapishaji nitasema machache, kwa kuwa taa hufia hapo. A3 ni milimita 297 kwa 420. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka picha ya pikseli 3,508 kwa 4,961. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida mara nyingi hufika imepunguzwa hadi pikseli 1,600 kwa upande mrefu, na kwenye A3 hiyo ni chini ya nukta 100 kwa inchi, nyuso zitatoka na ukungu. Itume kama hati, haitapunguzwa. Acha milimita tatu za ziada kila upande za kukatwa.

Skrini hutoa mwanga, karatasi haitoi. Dhahabu inayong'aa kwenye simu ikichapwa kwa wino wa kawaida hugeuka haradali. Buluu ya usiku nayo hugeuka zambarau ikiwa nyekundu ya wino imekaribia sana buluu ya wino, kwa hiyo badilisha faili mapema liwe CMYK, mfumo wa wino nne za kuchapia, na uache wino wa magenta uwe pungufu ya ule wa sayani kwa pointi thelathini hivi. Mwanga wa kandili hauongezwi kwa kuongeza njano, unaongezwa kwa kutia giza pembeni. Lakini giza likizidi kwenye karatasi nyepesi, wino unalowa na maelezo yote yanapotea. Tulichapa kwanza kipande cha A4 chenye kandili na uso wa nyanya, tukakibandika kwenye kioo cha dirisha lile lile saa nane mchana, jua likiwa limekipiga. Uso ulizama. Tukaufungua kidogo, tukachapa tena, ndipo tukaridhika.

Na herufi: kwa kila mita tatu za umbali, hesabu urefu wa milimita 25 ili isomeke bila shida. Aliye ng'ambo ya barabara, mita kumi na mbili, anahitaji herufi ya sentimita kumi. A3 haiwezi kubeba zaidi ya namba moja ya ukubwa huo, basi namba hiyo iwe 30% na mengine yote yaachiwe anayepita kwenye veranda. Ukitaka kubandika nje ya duka, kwenye ukuta au nguzo ya barabara, kaulize kibali kaunti kwanza.

Kabla ya kuchapa bango lenyewe, mama aliibeba rasimu mpya kwa jirani zake watatu: fundi nguo Mwislamu, mwenye duka la vitambaa Mhindu, na mama wa kanisa anayeuza vitunguu soko la Jubilee. Nilimwomba asieleze chochote, aulize maswali mawili tu. La kwanza, hii ni sikukuu gani? La pili, ungepewa ruhusa ya kuondoa kitu kimoja, ungeondoa nini? Wote watatu walisema ni watu wamerudi nyumbani mwisho wa mwaka. Kwa swali la pili, fundi nguo alitaka chupa ya chai isogezwe, ilikuwa imemziba mtoto uso. Tukaisogeza.

Bango lenyewe liko pale mezani karibu na mlango, pamoja na ile rasimu ya kwanza, na kipande cha majaribio kilichozama. Njooni muyashike, muyageuze, mlete na ya kwenu tuyatazame pamoja. Asanteni sana. Nasikiliza maswali.